Slaidi moja, dakika 45

"Kijana wangu, hizi picha nimeziona zote. Sasa mimi nikisimama pale mbele, nifanye nini?"

Aliyenipigia simu ni mwalimu mstaafu wa upande wa Chwele, kaunti ya Bungoma. Siku hizi ni mkulima na kiongozi wa kikundi chao, na alikuwa amechaguliwa kuwa mwezeshaji wa warsha ya siku moja kuhusu kukausha na kuhifadhi mahindi. Ofisi iliyoandaa warsha ilimrushia slaidi kwa WhatsApp, faili moja, basi. Mimi niko Kisumu, na nilikuwa nimepewa faili hiyo hiyo ili niiandikie mwongozo wa mwezeshaji.

"Mwalimu, nipe muda nikuandikie," nikamjibu.

Akacheka. "Andika kama mtu anayejua kwamba wewe hutakuwepo."

Maneno hayo yamenisumbua wiki kadhaa, ndiyo maana naandika.

Slaidi zenyewe hazikuwa mbaya. Aliyezitengeneza anayajua mahindi vizuri. Ila alizitengeneza azizungumzie yeye mwenyewe, na kila mstari ulikuwa wa kumkumbusha jambo ambalo tayari liko kichwani mwake. Ukimpa mtu mwingine mistari ile, utakuwa umempa vichwa vya habari bila habari.

Shimo kati ya slaidi mbili

Nichukue sehemu moja tu, ile ya kupima unyevu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha nyingine zote.

Slaidi ya kwanza ilisema mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ya pili ilikuwa na picha ya chupa na mistari mitatu: weka mahindi na chumvi, tikisa, angalia.

Ukiwa na haraka unaona slaidi mbili zinazofuatana vizuri. Ukikaa nazo unaona shimo katikati.

Kipimo cha chumvi kinafanya kazi hivi. Unachukua chupa inayoonyesha ndani, safi na kavu, ya mililita 750 hivi. Unaijaza mahindi hadi theluthi, unatia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa kwa nguvu dakika moja, kisha unaiacha itulie dakika 15. Chumvi huvuta maji. Ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Isipogandama, yako chini ya 15.

Chini ya 15, lakini slaidi iliyotangulia imetaja 13.5.

Mkulima yeyote aliyewahi kurudishwa na gunia zake kutoka ghala la Bodi ya Nafaka, NCPB, atalikamata hilo papo hapo. Atainua mkono na kuuliza: "Kwa hivyo chupa ikikubali, bodi nayo itakubali?" Mwenye slaidi angekuwepo angejibu bila kufikiri. Mwalimu wangu wa Chwele angetazama ukutani, na ukutani kuna picha ya chupa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi niliyopewa. Mistari ya slaidi ilikuwa imeshaandikwa, haikunihitaji. Kazi yangu ilikuwa kukaa pale mstari mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia, nijiulize mtu mwenye akili zake atauliza nini hapo, halafu nimpe mwezeshaji jibu analoweza kulisimamia. Jibu nililoliandika lilikuwa hili: chupa inajua kukataa kuliko inavyojua kukubali. Chumvi ikigandama, rudisha mahindi juani bila ubishi. Isipogandama, umevuka hatua ya kwanza tu, na kati ya 15 na 13.5 chupa haioni kitu. Anayetaka kuuza kwa bodi au kuhifadhi kwa miezi aendelee kuanika, kisha atafute mashine ya kupima unyevu.

Dakika zinatoka wapi

Faili ilikuja na ratiba yake. Mada ya unyevu ilipewa dakika 20, na ukihesabu slaidi unaona hesabu ilikotoka: kila slaidi na dakika zake chache, ukijumlisha ratiba imekamilika.

Hesabu ya namna hiyo humpima anayezungumza. Haijui kwamba chupa peke yake inataka dakika 15 za kukaa kimya, na dakika hizo hazipungui hata kama mgeni rasmi amefika na ana haraka.

Kwa hivyo niliiacha ratiba, nikaanza na miili ya watu. Washiriki ni 24. Vikundi vinne, watu sita kila kimoja. Kila kikundi chupa mbili, moja ya mahindi makavu na nyingine ya mahindi yenye unyevu, maana chupa moja peke yake haikufundishi kitu. Jicho linataka kulinganisha. Sasa ona: watu 24 waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa hawageuki vikundi vinne kwa sababu umesema "gawanyikeni". Kuna mzee ambaye hatahama alipo. Kuna mama mwenye mtoto. Kuna wawili waliokuja pamoja na hawataki kutenganishwa. Hizo ni dakika tatu kabla hujasema neno la maana.

Nikafika hapa: dakika 5 za swali la kufungulia, 5 za maelekezo na kugawanyika, 8 za kujaza na kutikisa (mdomo wa chupa ni mwembamba, mahindi yatamwagika), 15 za kusubiri, 5 za kusoma matokeo, 7 za kuzungumza pamoja. Jumla 45.

Ofisi ilipoona 45 mahali palipokuwa na 20, simu ikalia.

Sikuwa na hoja kubwa. Nilimwambia afisa aliyenipigia achukue chupa na chumvi jikoni kwake, aweke saa ya simu, atende kila kilichoandikwa kwenye slaidi yao. Tulikubaliana kukata kwingine. Slaidi za historia zilikuwa nyingi: mwaka 2004, jinsi aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi, ilivyoua watu 125 katika maeneo kama Makueni na Kitui, ramani, chati. Habari hiyo ni nzito na haifai kuachwa, lakini inasemwa kwa dakika tatu na mtu aliyesimama bila ramani. Mkulima wa Bungoma akishasikia kwamba ile sumu haiishi kwa kupika ugali, hahitaji chati ya rangi.

Dakika 15 za kusubiri

Hizi ndizo zilizonipa taabu kuliko zote, na sasa ndizo ninazozipenda.

Rasimu ya kwanza iliweka hapo kichangamshi, wimbo na kupiga makofi. Nikakifuta. Chupa iko mezani, kila mtu anaitazama kwa jicho la pembeni kuona chumvi inafanya nini. Ukiwasimamisha waimbe umewaondoa kwenye jambo pekee walilolijia. Zile dakika ni za majadiliano, mradi swali liwe swali.

Slaidi zilikuwa na "maswali ya majadiliano" mwishoni. La kwanza: "Je, ni muhimu kukausha mahindi vizuri kabla ya kuhifadhi?"

Watajibu nini? "Ndiyo." Wote kwa pamoja, kama darasa la pili. Kisha kimya, na mwezeshaji anaanza kuhubiri ili ajaze muda.

Nina kipimo changu cha swali: kama mwezeshaji anaweza kuandika jibu kabla watu hawajafika, hilo ni la mtihani, lipelekwe kwingine. La majadiliano ni lile ambalo jibu lake liko kwa mshiriki peke yake. Nikaandika hivi badala yake:

"Mara ya mwisho ulipoweka mahindi ghalani, ni nini kilikufanya useme sasa yamekauka?"

Hapo watu wanatofautiana kweli. Mmoja huuma punje. Mwingine husikiliza mlio yakimiminwa kwenye debe. Mwingine huingiza mkono ndani ya gunia akisikiliza joto. Na yuko atakayesema, huku akicheka, kwamba hakuangalia chochote, mvua ilikuwa inakuja. Huyo wa mwisho ndiye mlango wa swali la pili:

"Ni Agosti, umevuna, mvua inanyesha kila alasiri. Una turubai moja. Ada ya shule inadaiwa na dalali amesimama nje na mizani yake. Unaanza na lipi?"

Chini ya swali hili niliandika mambo ambayo mwezeshaji atayasikia, na la kufanya akiyasikia. Wakisema "nauza mabichi kwa dalali", asiwakaripie. Awaulize bei inashuka kiasi gani na kama wanajua mahindi hayo yanalala wapi usiku huo. Wakisema "naanika barabarani", aulize nani analinda na nini kinaokotwa pamoja na punje. Wakisema "naweka kwenye mfuko usiopitisha hewa, utayahifadhi", hapo asimame kabisa. Mifuko ile ya matabaka matatu huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini haikaushi kitu. Unyevu ulioufungia ndani unabaki ndani, na mahindi mabichi yataharibika humo humo.

Slaidi ya mifuko ilikuwa mbele kabisa, baada ya chakula cha mchana. Kosa la kuchanganya kukausha na kufunga lingejitokeza asubuhi, kwenye chupa. Nikaandika pembeni: likitokea sasa, lijibu sasa, usingoje slaidi.

Mahindi ya nani?

Hapa nilibishana na Mwalimu kwa simu, tena zaidi ya mara moja.

Mimi nilitaka kila mshiriki aje na konzi ya mahindi ya kwake. Kipimo kinakuwa cha kweli, mtu anarudi nyumbani akijua hali ya ghala lake. Kwenye karatasi wazo hilo linang'aa.

"Unanijua mimi ni jirani yao?" akaniuliza. "Chupa ya mama fulani ikigandama chumvi mbele ya watu, jioni soko lote litajua mahindi yake ni mabovu. Na anauza unga."

Sikuwa nimeliwaza soko. Mtu anayeandikia Kisumu hulionaje soko la Chwele?

Lakini kuleta mahindi ya maonyesho peke yake nako kuna hasara, maana watu hutazama kama wanavyotazama mambo ya wengine. Tuliafikiana njia ya kati. Shughuli yenyewe hutumia mahindi ya mwezeshaji. Anayetaka huleta konzi yake kwenye mfuko usio na jina, anapewa namba kwenye kipande cha karatasi, na chupa hizo hupimwa wakati wa chakula cha mchana kwenye meza ya kando. Matokeo yanaandikwa kwa namba. Mwenye namba anajijua.

Bado sina hakika kama inatosha. Kwenye kikundi cha watu 24 wanaofahamiana, macho hufuata mikono. Mwongozo unasema hivyo waziwazi na unamwachia mwezeshaji aamue. Yeye ndiye anayewajua.

Niandike kila neno?

Kuna waandishi wa miongozo wanaoandika hadi "Habari za asubuhi". Kuna wanaoandika "Eleza umuhimu wa unyevu" na kwenda zao. Nilizunguka kati ya hao wawili kwa muda, kisha nikaamua kwamba yako mambo mawili tu yanayostahili kuandikwa neno kwa neno: maelekezo ya shughuli, na lile jibu la 15 na 13.5. Maelekezo, kwa sababu sentensi moja ikikosa mpangilio vikundi vinne vinafanya mambo manne. Jibu, kwa sababu ukilisema nusu linadanganya. Mengine yote Mwalimu anayajua kuliko mimi.

Ukurasa ukawa hivi:

SEMA (kabla hujagawa chupa): "Kila kikundi kitapata chupa mbili, A na B. Mtazijaza mahindi mpaka kwenye alama, mtie vijiko vitatu vya chumvi, mfunge. Mkimaliza inueni mkono. Tutatikisa sote kwa pamoja."

FANYA: Gawa chupa sasa. Vikundi vyote vikiwa tayari, hesabu dakika moja ya kutikisa. Laza chupa mezani. Andika ubaoni saa ya kufungua macho: saa ya sasa na dakika 15.

ULIZA: Swali la ghala. Ikibaki zaidi ya dakika 7, swali la turubai.

Hilo neno "kabla" halikuwepo mwanzoni. Tulipofanya jaribio na kikundi kidogo, nilikaa nyuma kabisa na daftari, nikiwa nimejikataza kusaidia. Mwezeshaji akagawa chupa, halafu akaanza kueleza. Hakuna aliyemsikiliza. Ukimpa mtu mzima chupa, mahindi na chumvi, ataanza. Kikundi kimoja kilishatikisa kabla cha pili hakijapata kijiko. Dakika 15 zikawa nne tofauti, na mjadala ukakatika kila kikundi kilipopiga kelele kuwa chao kimeiva. Kutikisa pamoja kulizaliwa hapo.

Jaribio la namna hiyo nalipenda kuliko maoni ya wataalamu kwenye faili. Mpe mwongozo mtu ambaye hajaziona slaidi, kaa nyuma, andika dakika halisi kando ya dakika ulizopanga, na weka alama kila anaposimama kusoma kwa kimya. Kila alama ni sentensi inayohitaji kuandikwa upya.

Mambo ya meza ya maandalizi

Slaidi hazina siku moja kabla. Mwongozo lazima uwe nayo.

Chupa nane, za kioo au plastiki angavu, zikaushwe hadi ndani ya shingo. Chumvi ya pakiti ya nusu kilo inatosha na kubaki, ila ianikwe au ikaangwe kidogo kwenye sufuria kavu na ipoe, kwa sababu huku kwetu msimu wa mvua chumvi huvuta maji ikiwa ndani ya pakiti yake. Gorogoro moja ya mahindi, nusu makavu. Nusu nyingine iwe yaliyotoka shambani juzi. Kama si msimu, yanyunyizie maji yale mahindi makavu, funika kwenye chombo usiku kucha, ugeuze mara kadhaa. Asubuhi ukiyashika yasiache maji mkononi, la sivyo chumvi itagandama kwa maji ya nje na utakuwa umepima unyunyiziaji wako.

Na kabla watu hawajafika, tikisa chumvi peke yake kwenye chupa tupu. Ikigandama bila mahindi, chupa au chumvi ina maji. Hii ndiyo mistari miwili ninayoiona ya thamani kuliko yote kwenye mwongozo mzima, maana mwezeshaji ambaye chupa zake zote mbili zimegandama mbele ya watu 24 hana pa kujificha.

Slaidi nimezitaja kwa kichwa chake, kamwe si kwa namba, kwa kuwa ofisi ilipunguza za historia na namba zote zikasogea. Na tatu tu ndizo za lazima: hizo Mwalimu anazichora kwenye karatasi kubwa jioni, stima ikipotea projekta haimhusu.

Tukichelewa

Tutachelewa. Ratiba inasema saa tatu, kuna maombi, kuna chifu mwenye maneno machache ambayo si machache, saa nne kasoro ndiyo tunaanza.

Mwongozo mwingi hunyamazia hili, kisha mwezeshaji hukata cha mwisho kwa sababu ni cha mwisho. Nimeweka kisanduku kwenye kila ukurasa: *Ukiwa nyuma kwa dakika 20*. Kwenye ukurasa wa chupa kimeandikwa: ruka swali la kufungulia, anza kujaza mara moja, na mazungumzo ya mwisho yafanyike kwa namna hii: kikundi cha kwanza kisome matokeo, wengine waongeze lile tu ambalo halijasemwa. Vikundi vinne vikisoma kila kimoja kwa dakika tano umepoteza dakika 20 kusikia chumvi imegandama mara nne. Muda wa kusubiri usiguswe.

Mwalimu aliposoma nakala ya mwisho aliongeza jambo moja ambalo lisingenijia hata ningekaa Kisumu mwaka mzima. Warsha ikiisha, mtu atakuja kuomba yale mahindi ya chupani akawape kuku. Yana chumvi, na chumvi nyingi huua kuku. Kwa hivyo mstari wa mwisho wa mwongozo, chini ya orodha ya vifaa, sasa unasema: chimba shimo nyuma ya ukumbi kabla ya chai ya jioni, na uyazike wewe mwenyewe.